Kila Jumanne ananipigia: nimkatalie vipi bila kumpoteza?

Shikamoo mama. Nafuga kuku wa mayai 600 huku Kibaha. Sasa wana wiki 34 na wanataga vizuri. Chakula nanunua kwa msambazaji mmoja tangu wakiwa vifaranga. Mwezi wa kwanza alikuja kijana wa mauzo wa kampuni nyingine, mstaarabu kweli, akaniachia mfuko mmoja wa sampuli. Tangu hapo kila Jumanne simu, kila Ijumaa meseji, na mara mbili amefika getini. Mimi namjibu "nitakucheki", "ngoja mwisho wa mwezi", "hii iliyopo ikiisha". Juma lililopita nilimtuma binti aseme sipo, kumbe sauti yangu inasikika bandani nikihesabu trei. Niliona aibu sana. Kwa sasa sitaki kubadilisha chakula, ila Desemba mzigo wa msambazaji wangu ulichelewa nikahangaika, kwa hiyo huyu kijana sitaki kumfukuza. Mfuko wake uko stoo, sijaufungua. Nimwambieje?
Mama Trei, Kibaha

Marahaba mwanangu. Kabla sijafungua duka la pembejeo nilizunguka miaka minane nikiuza chakula cha mifugo, bodaboda asubuhi, miguu mchana. Mageti niliyosimama nikiambiwa mama hayupo huku namsikia anaongea ndani siwezi kuyahesabu. Kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyekuwa upande wa pili wa geti lako.

Nilikuwa na daftari, kila mfugaji na ukurasa wake. Aliyeniambia "hapana, nina mtu wangu" nilimwandikia hivyo, nikampitia tena baada ya miezi kadhaa. Aliyeniambia "ngoja mwisho wa mwezi" nilimwandikia tarehe 30, na tarehe 30 nikampigia. Aliyesema "hii iliyopo ikiisha" nilikadiria itaisha lini nikampigia siku mbili kabla. Majibu yako yote matatu, kwenye daftari la muuza chakula, yanasomeka kama miadi. Kijana anapiga kwa sababu anaamini ulimwambia apige. Na kila ukiahirisha, anajiona amekaribia.

Halafu jione kwa macho yake. Kuku mmoja wa mayai anakula kama gramu 120 kwa siku. Mia sita ni kilo 72, yaani mfuko mmoja na nusu wa kilo 50 kila siku inayopambazuka. Kwa mwezi ni mifuko 43 hivi. Mtu wa mauzo mwenye lengo la mwezi hawezi kuusahau ukurasa wa mifuko 43 ambao juu yake hakuna neno hapana. Mimi nisingeusahau.

Kwa hiyo anachohitaji ni hapana ya kweli, yenye sababu ya kweli na tarehe ya kweli. Nianze na sababu, kwa maana hapo ndipo wengi wanapojitega.

Kila sababu unayompa muuzaji, yeye anaipokea kama kazi ya kwenda kufanya. Ukimwambia bei iko juu, ataenda kwa bosi wake na kurudi na punguzo, na sasa una deni la ustaarabu kwa sababu amekupigania. Ukimwambia hela haijakaa vizuri, atakuletea mali kauli, ulipe baada ya wiki tatu. Ukisema mzee ndiye anayeamua, ataomba namba ya mzee. Hana ubaya wowote, ndivyo alivyofundishwa, na nami nilifundishwa hivyohivyo. Ubaya unakuja pale sababu uliyotoa siyo ile uliyo nayo moyoni, kwa sababu akiitatua unabaki huna la kusema, na unaanza kujificha bandani.

Sababu yako ya kweli unayo, na ni nzuri kuliko zote kwa kuwa yeye hawezi kuitatua. Kuku wa wiki 34 wako juu kabisa katika kutaga. Wakitaga kwa asilimia 85 unaokota mayai 510, trei 17 kila siku. Kuku hawa ukiwageuzia chakula ghafla, hata kama kipya ni kizuri, wanakidonoadonoa, wanakitapanya, wanapunguza kula kwa siku kadhaa, na mayai yanafuata. Wakishuka hadi asilimia 75 umebaki na trei 15. Trei mbili kila siku, wiki mbili tatu mpaka watulie, zidisha mwenyewe kwa bei ya trei ya huko kwenu. Njia salama ya kubadilisha ipo: unachanganya robo ya kipya na robo tatu ya cha zamani kwa siku mbili au tatu, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu ya kipya, mpaka siku ya 7 hadi ya 10 umehamia chote. Lakini hata hiyo mtu anaifanya akiwa na haja. Wewe kwa kundi hili huna haja, na mtu yeyote anayeuza chakula cha kuku akisikia sababu hiyo anaielewa palepale. Haimdharau, haisemi chakula chake kibaya, na haitatuliki kwa punguzo.

Sasa tarehe. Usimpe tarehe ya kumridhisha tu. Itafute kwenye kuku wako. Kundi la mayai wengi tunaliuza likiwa na wiki 75 hadi 80, mayai yakishapungua hadi chakula hakilipi. Kuku mpya anaanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20. Ili usikae na banda bila mayai, vifaranga wapya waingie hawa wa sasa wakiwa na wiki 58 hivi. Leo wana 34, zimebaki wiki 24. Ukihesabu kuanzia wiki hii ya mwanzo wa Machi, unaangukia katikati ya Agosti. Kifaranga wa siku moja hana chakula alichozoea, kwa hiyo hakuna kinachogeuzwa, na ndiyo siku pekee ambayo kampuni mpya inaingia bandani kwako bila kukutoa yai hata moja. Hiyo ndiyo nafasi ya kijana wako, na ni nafasi ya kweli, siyo ya kumtuliza.

Kama hufikirii kabisa kumjaribu hata Agosti, basi usimpe tarehe. Mwambie hapana, ishie hapo. Tarehe ya uongo ni ileile "nitakucheki", tofauti ni kwamba imevaa kalenda.

Nakuandikia mfano wa meseji, wewe geuza maneno yawe ya kwako:

"Habari za asubuhi kaka. Ni mama wa kuku 600 wa Kibaha. Naomba radhi, nimekuwa nakwambia nitakucheki bila kukupa jibu. Jibu langu ni kwamba kundi nililo nalo sasa sitalibadilishia chakula, liko kwenye kilele cha kutaga. Vifaranga wapya nategemea kuwaingiza katikati ya Agosti. Tarehe 1 Agosti nitakupigia mwenyewe tuzungumze chakula cha kuwaanzishia. Kabla ya hapo naomba usinipigie wala usije bandani. Bei zikibadilika nitumie meseji, nitaisoma. Nashukuru kwa uvumilivu wako."

Angalia mambo mawili humo. La kwanza, anayepiga simu Agosti ni wewe. Ukisema "nitafute Agosti", atakutafuta Mei kukukumbusha Agosti. Ukisema "nitakupigia mimi", kazi imehama kutoka daftari lake kuja la kwako, na yeye anaweza kukuweka pembeni bila kuogopa kwamba amekupoteza. La pili, hujamfungia mawasiliano yote. Umemwachia kimlango kidogo cha meseji ya bei, na kinakufaa wewe zaidi: bei ya chakula inafuata mahindi, soya, mashudu na dagaa, na ni vizuri kujua wengine wanauzaje hata kama hununui.

Lipo jambo utatamani kuliandika humo na nakuomba usiliandike, nalo ni lile la Desemba. Usimwambie "msambazaji wangu akichelewa ndipo nitakuita". Ukishamwambia hivyo, kila Jumanne atapiga kuuliza kama mzigo umefika, na hutaweza kumlaumu. Hilo liweke moyoni na ulifanyie maandalizi. Akishajibu meseji yako, na wengi hujibu vizuri, muulize maswali matatu kwa mara moja: anauza kuanzia mifuko mingapi, toka oda hadi mzigo kufika ni siku ngapi, na gari lao linapita Kibaha siku gani. Yaandike majibu ukutani stoo kwako kwa chaki. Kisha jiwekee alama yako mwenyewe: unakula mfuko mmoja na nusu kwa siku, kwa hiyo mifuko 10 ni karibu wiki nzima. Siku stoo ikibaki mifuko 10 na mzigo wako haujulikani ulipo, unampigia huyu kijana siku hiyohiyo. Usisubiri ibaki miwili, maana utakosa cha kuchanganyia na kuku watahamia chakula kipya kwa ghafla, jambo ulilokuwa unalikwepa tangu mwanzo. Na ukimpigia siku hiyo, utakuwa unampigia mtu uliyemjibu vizuri. Nimekaa upande wa ugavi wakati chakula kikiwa haba. Mifuko inagawiwa kwanza kwa wanaonunua kila mwezi, inayobaki inaenda kwa wale ambao mtu wa mauzo akiona namba yao anapokea kwa moyo mweupe.

Meseji ikishaenda usishangae akipiga tena Jumanne. Mazoea hayafi kwa siku moja, na pengine ana bosi anayemuuliza kila jioni. Pokea, usijifiche. Mazungumzo yataenda hivi:

"Dada yangu, meseji nimeiona, ila nimekupigania ofisini, wiki hii kuna punguzo."

"Nashukuru kwa kunikumbuka kaka. Kundi hili sibadilishi, hata kwa punguzo. Agosti mosi nakupigia."

"Basi chukua hata mifuko mitano tu ya kujaribia."

"Hapana kaka, hata mitano. Agosti mosi."

Umeona hujaongeza sababu mpya? Hapo ndipo watu wema kama wewe wanapoteleza. Mtu akisisitiza, tunaona haya kurudia neno lilelile, tunatafuta sababu nyingine ya kupamba, na ile mpya ndiyo anayoishika. Rudia ileile, kwa sauti ileile ya upole. Kuhusu mifuko mitano, ni kilo 250, kuku wako wanaimaliza kwa siku tatu na nusu. Muda huo hautoshi kukuonyesha lolote kuhusu chakula, ila unatosha kuwavuruga kuku.

Na mali kauli usiichukue kwa mtu unayemkatalia. Deni ni kamba. Ukiwa na mzigo wake ambao hujaulipia huwezi kumwambia usije, na chakula kikiwa na kasoro unashindwa hata kulalamika.

Akipiga mara ya pili baada ya hapo, huna haja ya kupokea. Mtumie meseji ya mstari mmoja, "Kaka, jibu langu ni lile la mwanzo wa Machi, Agosti nakupigia", ukaendelee na kazi zako. Usimfungie namba. Ihifadhi kwa jina lake, jina la kampuni na neno AGOSTI mbele yake, ili simu ikilia ujue papo hapo ni nani na ulimwambia nini. Kazi ile ina kuhamahama sana. Unaweza kushtukia Juni anakupigia kijana mwingine kabisa, amerithi orodha, naye anaanza moja: "Mama, tumesikia unafuga." Huyo mtumie ileile meseji ya kwanza kama ilivyo. Ndiyo maana nilitaka uiandike badala ya kuisema.

Ikitokea kijana wako amekataa kusikia, umemjibu waziwazi mara tatu na bado anatokea getini, hapo tafuta namba ya ofisi iliyochapwa kwenye mfuko uliopo stoo. Waambie kwa adabu kwamba unapenda kuwa mteja wao baadaye lakini unaomba uhudumiwe na mtu mwingine. Mtu na kampuni yake ni vitu viwili.

Binti naye mkalishe umweleze, kwa maana getini yeye ndiye wewe. Mwondolee kabisa kazi ya kusema haupo. Mpe sentensi moja ya kweli: "Mama yupo kazini, amesema jibu lako liko kwenye meseji." Na mpe amri moja isiyo na mjadala: hakuna mfuko unaoshuka kwenye gari wala karatasi inayosainiwa bila wewe mwenyewe kumwambia. Nimeona mfugaji akiletewa mifuko kumi ambayo hakuiagiza, "tutahesabiana baadaye", mtoto wa nyumbani akapokea na kusaini hati ya mzigo. Saini ile iligeuka mauzo, na mama wa watu akabaki kati ya kulipa chakula asichokitaka na kugombana na watu aliokuwa akiwahitaji. Mzigo usioagizwa unarudi na gari lilelile lililouleta, ukiwa haujafunguliwa.

Tumebaki na mfuko wa sampuli. Najua ndio unaokukaba, unahisi umekula cha mtu. Sampuli haina deni la kununua. Kampuni imeshaihesabu kwenye gharama zake kabla haijapanda pikipiki. Unachodaiwa ni ukweli tu, kwamba hukuutumia. Ongeza mstari mmoja kwenye meseji yako: "Mfuko wako wa sampuli sijaufungua, na kwa sababu hiyo sina maoni ya kukupa." Wala usianze kuwalisha leo ili upate la kumwambia. Angalia tarehe ya kusagwa kwenye lebo. Chakula kilichosagwa, kwa joto na unyevu wa huku Pwani, mimi napenda kiishe ndani ya mwezi mmoja hivi, na huo umekaa kwako tangu Januari. Ufungue, ingiza mkono mpaka katikati, siyo juu tu. Ukikuta mabonge yaliyoshikana, joto lisilo la kawaida au harufu ya uvundo kama nguo iliyoanikwa ndani, kuna ukungu, na penye ukungu kunaweza kuwa na sumukuvu. Hakichekechwi, hakianikwi juani kikapona. Kizike. Na usiwamwagie bata ukidhani wao wanahimili, bata ndiye anayeumia upesi zaidi. Hata kikionekana kizima, kwa umri huo mimi nisingewapa kuku wanaotaga.

Likija suala la sampuli nyingine, kataa hapohapo: "Asante, niletee wiki ya vifaranga." Hiyo nayo ni hapana yenye tarehe.

Agosti mosi piga simu, hata kama mambo yamebadilika. Pengine vifaranga utakuwa umesogeza hadi Oktoba, pengine umeamua kubaki na msambazaji wako. Piga, mwambie kama ilivyo. Ukiwa unaendelea, muulize ana chakula cha vifaranga kilichosagwa wiki gani, na uanze na mzigo wa kukutosha wiki mbili tatu tu. Ukiwa huendelei, dakika mbili zinatosha, na kijana huyo atafunga ukurasa wako akiwa na maneno mazuri ameyaandika juu yake.

Meseji iandike leo usiku, kuku wakishalala na nyumba imetulia. Itume kesho saa mbili asubuhi, kabla hajapanda pikipiki kuanza mzunguko wake. Jumanne akipiga, jitokeze bandani na trei zako mkononi, pokea simu.